Sifuri Kwenye Mstari wa Nauli

Nimekuwa mtu wa stoo katika kiwanda cha kushona nguo, nje kidogo ya mji wa Ruiru, kwa miaka kumi na tisa. Shule niliiachia kidato cha nne. Mengine nimejisomea mwenyewe, penseli mkononi, na labda ndiyo sababu wenzangu waliponichagua niwe mwakilishi wao walinikabidhi pia kazi ya hesabu. Mkataba wetu wa mishahara ulikuwa umebakiza miezi minne uishe.

Kila mara tulipoomba nyongeza, meneja wa wafanyakazi alikuwa na jibu moja: kiwanda kinalipa kile sheria inachosema, na shilingi chache juu yake. Alikuwa anasema kweli. Kima cha chini hutangazwa na serikali kwa jedwali lenye safu. Safu ya kwanza ni ya Nairobi na majiji mengine, ya pili ni ya miji kama Thika na Ruiru, ya tatu ni ya kwingineko kote. Mfanyakazi wa kawaida katika safu yetu alikuwa hafikii elfu kumi na tano kwa mwezi, na juu yake huongezwa marupurupu ya nyumba. Sisi tulipata kama elfu kumi na saba na mia moja, nyumba ikiwamo.

Mwenzetu mmoja wa kukata vitambaa, anayekaa Githurai 45, hakuchoka kulisema jambo hilo. "Mimi nikivuka barabara nikaandikwe upande ule wa 44, ulio Nairobi, unga unakuwa ule ule, lakini mshahara unapanda. Sasa ni tumbo langu ama ni barabara inalipwa?"

Katibu wa chama cha wafanyakazi katika tawi letu la Thika alitupa wazo. Alituambia tuache kubishana na jedwali. "Jedwali halijui unakula nini. Leteni hesabu yenu ya mshahara wa kuishi. Chakula, nyumba, nauli, na vile vitu vingine vidogo. Mtu anaweza kuishi na pesa ngapi hapa Ruiru? Mkileta hiyo, tutaongea vizuri."

Nilichora fomu kwa rula. Nikachagua wafanyakazi wanane, na wa kwanza alikuwa mama mmoja wa meza ya kufungasha. Nilimchagua kwa sababu alikuwa mkweli na hakupenda kujionyesha. Aliishi Mugutha, chumba kimoja cha mabati, na mtoto wa kiume wa miaka minne. Binti yake wa miaka tisa alikuwa Gatanga kwa nyanyake, aliyemwita Cucu.

Nilienda kwake Jumapili baada ya kanisa. Alinipa kiti kilichokuwa kimoja, yeye akakaa kitandani.

"Haya, mzee wa stoo, uliza. Lakini usiniulize nyama, utanifanya nicheke."

"Wiki iliyopita ulinunua nini cha chakula?"

"Unga. Sukuma. Mafuta ya kupima, ile ya mashine ya dukani. Maharagwe mara moja. Andika na chai. Jioni zingine mimi hunywa tu chai, huyu kijana akishakula."

Niliandika bei ya kila kitu, ya wiki nne, mpaka shilingi ya mwisho. Nilipofika kwenye kodi nikaandika elfu tatu na mia tano. Kwenye nauli akatikisa kichwa.

"Mimi hutembea. Saa moja kwenda, saa moja kurudi. Ni mazoezi, ama unaonaje?"

Nikaandika sifuri. Mahali pa idadi ya watu nyumbani niliuliza ni wangapi. "Wawili," akasema, kisha akaongeza kwamba binti angekuwa wa tatu, ila chumba hakitoshi, na karo ya shule za hapa, na chakula. Niliandika wawili, kwa kuwa ndio waliokuwamo.

Alinisindikiza hadi kwenye lango la ploti yao ya vyumba vya kupanga. "Hiyo hesabu ikipita, nitamrudisha msichana. Kabla ya muhula wa kwanza. Nimeshamwambia."

"Ungengoja kwanza ipite," nikamwambia.

"Nimeshamwambia," akarudia.

Nilifanya vivyo hivyo kwa wale saba wengine. Wawili walikuwa wakipanda matatu asubuhi tu, wanne walikuwa wameacha watoto mashambani. Nilijumlisha, nikagawanya kwa nane, nikaongeza kidogo kwa ajili ya dharura kama nilivyosoma kwamba hufanywa. Jibu lilikuja elfu kumi na saba na mia nane. Nikalipenda. Lilionekana kuwa jibu la watu wasio na tamaa, na nilijiambia kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayelikataa.

Hawakulikataa. Mazungumzo tuliyotarajia yachukue miezi yalichukua asubuhi moja. Meneja alipitia kurasa zangu polepole, akafika mwisho, akavua miwani.

"Kazi safi sana," akasema. "Kwa kweli hata sina la kupinga. Tofauti ni mia saba. Mia saba tutatoa."

Katibu alinitazama, nami nikamtazama. Wepesi ule ulinitia shaka, lakini nilikuwa nimesifiwa mbele ya watu. Tulitia sahihi. Mkataba wa miaka miwili, ukapelekwa kusajiliwa kortini.

Wiki ya mishahara mipya, yule mama alikuja kwenye dirisha la stoo kuchukua mifuko ya kufungia. Hakuondoka.

"Naomba kuona ile karatasi yangu."

Nilimpa. Akaishika kwa mikono miwili, akasoma bila haraka, foleni ikiwa nyuma yake. Kidole chake kikasimama kwenye mstari wa nauli.

"Hapa umeandika nini?"

"Sifuri. Si ulisema unatembea?"

"Natembea kwa sababu sina. Na hapa, chai? Umeandika chai ni chakula cha jioni?"

"Ndivyo ulivyoniambia."

"Ee, ndivyo nilivyokwambia. Nilidhani unauliza ili uone mahali pana shida." Aliikunja karatasi kama mtu anayekunja nguo, akanirudishia. "Kumbe ulikuwa unapima njaa yangu uwaambie inatosha."

Nyuma yake mtu akapiga kelele, "Mama, songa, tuko kazini!" Akachukua mifuko yake akaenda.

Siku hiyo nilifungua tena kile kijitabu cha mafunzo ambacho chama kilinipa, nikaanza ukurasa wa kwanza badala ya kurukia majedwali. Ilikuwa imeandikwa wazi, mahali ambapo nilipita kwa haraka kwa kuwa nilidhani ni utangulizi. Huulizi mtu anatumia nini. Mtu hutumia kile alicholipwa, kwa hivyo ukijumlisha matumizi yake utaukuta mshahara wake ukikutazama. Unauliza chakula cha kutosha kiafya kinagharimu kiasi gani sokoni, nyumba yenye maji na nafasi ya watoto ni kodi gani, nauli ya kwenda na kurudi ni ngapi. Unahesabu familia nzima, hata mtoto aliyepelekwa kwingine kwa sababu ya umaskini ule ule unaoupima. Kisha unagawanya kwa idadi ya wanaopata mshahara.

Nilirudia kazi yote peke yangu. Nilienda soko la Ruiru Jumamosi tatu, nikaandika bei za maziwa, mayai, maharagwe, ndizi, mboga za aina mbili kwa siku. Nilizunguka Gitothua nikiuliza nyumba za vyumba viwili zenye maji ndani, wenye ploti wakidhani nahama. Nauli nikaiweka shilingi hamsini kila upande, siku ishirini na sita. Kwa familia ya watu watano, chakula kilikuwa elfu kumi na tisa na mia tano, nyumba elfu nane, nauli ya wafanyakazi elfu nne na kitu, na mengine yote, karo, dawa, sabuni, gesi, elfu kumi na moja. Nikaongeza asilimia tano ya dharura. Si kila nyumba ina watu wawili wenye kazi ya mwezi mzima, kwa hiyo nikagawanya kwa 1.6. Jibu lilikaribia elfu ishirini na nane.

Kati yake na kima cha sheria, nyumba ikiwamo, palikuwa na karibu elfu kumi na moja. Kati yake na namba yangu ya kwanza palikuwa na elfu kumi.

Nilipanda hadi Thika kwa katibu. Alisoma, akafunga faili, akaweka mkono juu yake.

"Imesajiliwa, ndugu yangu. Na karatasi waliyo nayo ni yetu wenyewe. Tukisema tulikosea, watatuuliza ni lini tunakosea na ni lini tunapatia. Ngoja miaka miwili."

Miaka miwili ile niliipitia dirishani. Nilianza kuona vitu ambavyo zamani havikuwa na umbo. Saa moja kasorobo asubuhi niliwaona wanaokuja kwa miguu, viatu vya kazini vikiwa kwenye mfuko wa plastiki, na nilijikuta nikiwahesabu. Nyumbani mke wangu aliniuliza kwa nini natazama sahani yake. Yule mama alinisalimia kila siku, "Habari ya asubuhi, mzee wa stoo," kwa sauti ya kawaida kabisa, na ingekuwa nafuu kama angenitukana. Muhula wa kwanza ulifika, ukapita. Ukafika wa mwaka uliofuata.

Mkataba mpya ulitupa zaidi ya nusu ya pengo, pamoja na marupurupu ya usafiri. Safari hii mazungumzo yalichukua miezi mitano na meneja hakunisifu. Yule mama alihamia vyumba viwili, akanunua kitanda cha futi tatu na nusu, na shule zilipofungwa akaenda kumchukua binti.

Niliwakuta siku ya nne baada ya hapo, kituo cha magari cha Thika, nikitoka ofisi ya tawi. Msichana alikuwa amefika mabega ya mamake. Alikuwa na begi lake mgongoni.

"Salimia mzee," mama akasema. "Ni wa kazini kwetu."

Akanipa mkono, akainamisha kichwa kidogo.

"Unaenda kutembea?" nikamuuliza.

"Narudi nyumbani. Cucu yuko peke yake, na maji ni mimi huteka."

Mama alifungua pochi na kutoa noti. Msichana akamzuia, akafungua leso iliyofungwa fundo, ndani mna pesa zilizokunjwa.

"Iko, mama. Cucu alinipatia ya kuja na ya kurudi."

Makanga akaita Gatanga. Msichana akapanda, akachagua kiti cha dirishani upande wa pili, mbali na sisi. Mama akabaki na noti yake mkononi. Nilitaka kusema kitu, na nilikuwa na maneno kadhaa tayari, yote ya kweli.

"Usinipe pole," akasema, bila kunigeukia. "Umpe nani pole? Yeye hajui alikuwa arudi kwangu."

Lakini mama alikuwa amemwambia binti. Aliniambia hivyo yeye mwenyewe, langoni Mugutha, mara mbili.