Kola Ambayo Haiuzwi Popote

Same ni mji wa upepo na vumbi, na jua lake halina aibu. Lakini ukiingia studio ninakofanya kazi, jirani na stendi, utakuta ukutani watu wamevaa makoti ya sufu yenye kola za manyoya hadi masikioni, nyuma yao theluji imejaa. Ndiyo kazi yangu hiyo. Mtu anaingia na shati limelowa jasho, nampiga picha ya kichwa, kisha kwenye kompyuta namvalisha koti la Ulaya. Wateja wakubwa ni vijana. Kuna wanaoteremka kutoka milimani siku ya soko, na kuna vijana wa wafugaji wa huku tambarare, ambao picha ya theluji wanaipenda kuliko hata picha ya pikipiki. Wanaipeleka wapi, sijawahi kuuliza.

Suti ni rahisi. Kola ya suti ina ukingo mkali: unakata, unabandika, unaweka kivuli kidogo chini ya kidevu, mteja anaondoka anacheka. Manyoya ndiyo yanayomtoa mtu jasho. Ukiyakata kwa mstari mkali yanakuwa kadibodi. Ukiyalainisha yote kwa mpigo yanakuwa ukungu, mtu anaonekana anafuka moshi. Na nywele zetu hizi zikiachwa bila kusukwa, nazo zina ukingo wake wa nyuzi nyuzi. Kwa hiyo una vitu viwili laini vinakutana, na katikati yake kuna ngozi ya shingo. Lazima unyoya mmoja mmoja wa kola upite juu ya taya, vinywele vya kisogoni vilale juu ya kola, na shingo iingie gizani taratibu kadiri inavyozama ndani ya manyoya. Ukisahau giza hilo, kichwa kinaelea. Ukiacha mwanga wa ukuta uliong'ang'ania kwenye nywele, kichwa kinazungukwa na mstari mweupe, na hapo hata mtoto wa shule atakuambia, dada, umenibandika.

Picha ya mfano iliyoko mlangoni ni yangu mwenyewe. Bosi alitaka mfano wa kike, na uso wangu ndio uliopatikana bure. Sasa hapa niseme jambo moja: mimi nina rovu. Ni uvimbe wa shingo, upande wa kulia umezidi. Kwetu milimani si ajabu, bibi yangu alikuwa nalo, na baridi ilikuwa inatusetiri. Kule mtu anaamka na sweta na skafu, analala na sweta na skafu, shingo yako ataiona nani? Nilipoteremka Same kutafuta kazi ndipo nilipogundua kwamba nina shingo. Huku joto linamvua kila mtu, mimi peke yangu nimejifunga mtandio mwaka mzima, na watu wananipa pole ya mafua.

Koti nililolichagua kwa ile picha lilikuwa na kola ya manyoya bandia ya rangi ya kahawia, lakini fupi, haikufika kuufunika uvimbe. Sikuugusa uvimbe, naapa. Nilinakili manyoya ya mabegani, nikayapandisha, nikayapinda yafuate mzunguko wa shingo, kisha nikachora ncha zake moja moja juu ya taya. Nywele zangu nilikuwa nimezifumua, nikazishusha zichanganyike na manyoya mpaka huwezi kusema hizi zinaishia wapi na yale yanaanzia wapi. Nikaweka kivuli. Ilitoka nzuri, nzuri kabisa. Nilikaa naitazama kama namtazama mtu mwingine niliyemwonea wivu.

Shangazi yangu, dada yake baba, anauza mchele sokoni. Kwetu mambo ya kuolewa kwa binti ni ya shangazi. Baba anaitikia tu. Siku moja alipita studio kuniletea ndizi, akaiona ile picha, akaipiga picha kwa simu yake bila kunisemesha. Kabla sijajua kinachoendelea, picha ilikuwa imeshafika Lembeni kwa mama mmoja anayefahamiana naye, mama mwenye kijana anayeendesha lori la jasi kutoka Makanya. Na kijana ameipenda. Nilipomwambia shangazi kwamba yule si mimi, alishangaa kweli kweli. Kwani sura si yako? Pua si yako? Nikamwuliza, na shingo je? Akasema pale hakuna shingo, kuna koti.

Ningemkasirikia nikamaliza, lakini kijana akanipigia simu. Alikuwa anaongea vizuri, bila kujisifu. Ananihadithia barabara, ananiuliza nimekula nini, anacheka vichekesho vyangu ambavyo pale studio hakuna anayevicheka. Nikaanza kuzingoja simu zake. Hapo ndipo niliponasa. Angekuwa mjinga ningemwambia siku ya kwanza na dunia ingeendelea. Nilitaka kumwambia, kila jioni nilitaka, na shangazi kila jioni ananizuia: ukishaolewa atakuwa ameshazoea, sasa hivi nyamaza. Nikilala naona nimebanwa kotekote. Nikisema, nampoteza. Nikinyamaza, anampenda yule wa mlangoni. Mimi nilitaka anione hivi nilivyo, na bado anitake. Hilo tu, sikuwa na dogo wala kubwa zaidi ya hilo.

Wakatangaza kuja kuniona, kijana na mama yake, nyumbani kwa shangazi pale pale Same. Nikasema angalau ingekuwa milimani. Shangazi akasema barabara imeharibika kwa mvua, wageni hawatapandishwa kwenye tope. Kisha akaenda kwenye mitumba akanichambulia koti. Alirudi amelikumbatia, la sufu ya manyoyamanyoya, kola ya manyoya bandia, rangi ile ile ya kwenye picha. Alikuwa na furaha hata nikamwonea huruma. Nikamweleza kwamba kola anayoitafuta haiuzwi popote, nusu yake niliitengeneza mimi kwa mkono. Hakunielewa. Kwake picha ni picha, kitu kikipigwa picha maana yake kipo.

Basi akanivalisha. Kwenye kompyuta manyoya niliyaleta mimi mpaka kwenye ngozi. Huku kola ilikaa mbali na shingo, kila mmoja na lake. Nikigeuka kulia inafunguka kushoto. Shangazi akaibana kwa pini kwa ndani, akanifumua nywele, akazimwaga mbele na nyuma ya kola kuziba mianya, ananiambia zichanganye bwana, si unajua kuzichanganya wewe? Nilitaka kucheka na kulia. Mwisho akanionya nisigeuze kichwa, nikiitwa nigeuke mwili mzima.

Wageni wakafika mchana. Nyumba ya shangazi ina bati bila dari, na nyinyi mnaoijua Same mwezi wa pili hamhitaji maelezo. Nikaamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba binti yangu, akanitazama kwa muda. Alikuwa mama mnene, mtulivu, ana kitenge na kandambili, anajipepea kwa ncha ya khanga. Kijana alikuwa vile vile kama sauti yake, jambo ambalo liliniumiza zaidi. Alitabasamu. Mimi nikakaa kwenye kochi nimenyooka kama nimemeza mwiko, ndani ya sufu, jasho linateremka mgongoni. Manyoya ya plastiki hayanyonyi jasho. Yakilowa yanashikana vishungi vishungi, yananata kwenye shavu, yanaingia mdomoni. Nilikuwa naongea huku natema manyoya. Shangazi akawaambia nina homa kidogo, ndiyo maana ya koti.

Chakula kikaletwa, na binti wa nyumba ndiye anayewanawisha wageni. Hilo hatukulifikiria, si mimi wala shangazi. Tulihangaika na kola mpaka tukasahau kwamba mtu hawezi kunawisha mikono ya mkwe wake akiwa amesimama wima. Nikachukua jagi na beseni, nikapiga goti mbele ya mama, nikainama. Nikasikia pini ya kwanza inaachia. Nikaendelea kumwaga maji. Ikaachia ya pili, kola ikaanguka begani, na shingo yangu yote ikawa pale mbele ya macho yake, karibu kiasi kwamba nilihisi anavyopumua.

Shangazi akaanza kuongea haraka haraka juu ya mchele wa safari hii. Mama yule alijifuta mikono, akasema, "Binti, vua koti."

Shangazi akasema mtoto ana homa. Yule mama akarudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile.

Nikalivua. Vifungo vikanikataa, mwishowe likashuka. Hewa ilinipiga shingoni, na kwa aibu yote ile, jamani, ilikuwa raha. Nikamtazama kijana. Yeye alikuwa ameshatoa simu. Alitazama simu, akanitazama mimi, akaitazama tena simu, na nilijua kabisa anachokitazama, hata ncha za manyoya nilizozichora juu ya taya nilizijua. Nilimngoja aseme kitu. Hata angenitukana ningeshukuru. Akaiweka simu mfukoni, akaangalia mlango.

Mama yake akaninyooshea mkono, akanigusa pale penye uvimbe kwa vidole ambavyo bado vina unyevu wa maji niliyommwagia. "Inauma?" akaniuliza.

Kwetu watu wameniuliza nitafunga nini, nitakaa upande gani kanisani, nitasimama nyuma ya nani picha ikipigwa. Mama yangu mzazi aliniuliza kama skafu imetosha. Hilo moja hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikalia pale pale chini, jagi pembeni yangu, kilio cha kitoto, na wala sikujali nani anatazama. Nilipopata sauti nikamwambia haiumi, ila nikilala chali inanibana, na siku hizi hata chakula kinapita kwa shida. Nadhani hata shangazi alikuwa hajui.

Walikula kidogo, wakaaga. Kijana alinitumia ujumbe siku ile ile kwamba nimemdanganya, na kwamba ananitakia kila la heri. Niliusoma mara nyingi nikitafuta mahali pa kushika, sikupaona. Ningemjibu kwamba picha sikuituma mimi, lakini hilo lilikuwa la shangazi, na isitoshe, hakuwa ameuliza. Niliumia, sitaficha. Nilikuwa nimeshamzoea.

Wiki iliyofuata nikiwa studio, namvalisha mteja koti, mama yule akaingia peke yake na mkoba wake. Nilidhani amekuja kugomba. Akamwamkia bosi, akamwomba aniachie kwa siku hiyo, akaniambia nichukue kitambulisho changu na maji ya kunywa, hospitali foleni ni ndefu na pengine tutaandikiwa kwenda Moshi.

Nikasimama nimechanganyikiwa. Nikamwuliza kama mwanawe anajua amekuja.

"Sikuja kwa ajili ya mwanangu," akasema. "Twende."