Sekunde Tano Kabla ya Jina Langu

Niseme mapema kwamba kosa lilikuwa langu, si la kipaza sauti, si la mchunga saa, wala si la wale akina mama wa safu ya tatu walionipigia makofi kwa moyo safi kabisa, ingawa kwa wiki nzima niliwalaumu wote kwa zamu. Nilimwaibisha binamu yangu mbele ya ukumbi uliojaa watu, mama yake akiwa ameketi kando yake, na kusema kweli niliyekusudia kumcheka siku hiyo ni mimi mwenyewe.

Vijana wa kanisa moja kule Myanga, nyumbani kwetu Bungoma, walikuwa wameandaa shindano la vipaji Jumamosi mchana, na mimi, ambaye nimepanga chumba Kitale nikifundisha tuisheni huku nikingoja digrii yangu ikumbukwe na mtu, nikajiandikisha kwenye kundi la wachekeshaji. Kila mmoja alipewa dakika tatu. Saa inaanza ukitamka neno la kwanza, ikifika dakika mbili na nusu unaonyeshwa kadi ya njano, ikitimia tatu unaonyeshwa nyekundu na kipaza sauti kinazimwa, uwe umemaliza au hujamaliza.

Dakika tatu ni chache kuliko unavyofikiri. Nilianza kwa kuandika maneno mia tano, na Njeri, jirani yangu wa Kitale ambaye amewahi kushinda mashindano kama hayo mara mbili, akanisikiliza akiwa na simu yake mkononi kama refa.

"Dakika nne na sekunde arobaini," akasema. "Na hapo hakuna mtu amecheka. Watu wakicheka utangoja wanyamaze, ama utaongea juu yao?"

Nikapunguza hadi maneno mia mbili na sabini hivi, nikaacha kama sekunde ishirini za kicheko. Njeri akanifundisha mengine: kichekesho cha kwanza kije kabla ya sekunde kumi na tano, la sivyo watu wanaanza kuangalia simu, jambo liwe moja tu, likue kutoka dogo hadi kubwa, karibu na dakika ya pili mambo yageuke, na sentensi ya mwisho iwe fupi, neno lenye uzito likae mwisho kabisa, na baada yake usiongeze kitu, hata "asanteni". Sentensi hiyo, akasema, ndiyo unaikariri kwanza, kwa sababu ndiyo utaisema ukiwa umeshaogopa.

Jambo langu moja lilikuwa Shangazi Nekesa, dada ya baba, aliyenilea tangu kidato cha kwanza. Mwanzo: Shangazi anaombea kila kitu, anaombea chai kabla haijachemka, anaombea bodaboda kabla ya kuipanda, na akishuka anamwombea anayepanda baada yake. Kati: naenda chuo kikuu, narudi na maswali, namuuliza kuku akitaga bila kuombewa, hapo ni nani amehusika, naye ananijibu, "Unajuaje hajaombewa?" Kisha mgeuko: asubuhi moja nikiwa nimelala kwake namsikia kupitia ukutani akiombea mtu fulani, jamaa ambaye hana kazi, hana mke, analala mpaka saa nne, anabishana na kila mtu hata redio. Mimi nasema, huyo naye, hata Mungu lazima amemchoka. Halafu kimya. Halafu sentensi ya mwisho: "Ndipo akataja jina, na jina ni langu."

Unaona ilivyojengwa? Kila kitu kinaegemea neno moja la mwisho. Kabla ya hapo ninamcheka Shangazi, na baada ya hapo inajulikana mjinga ni nani. (Nilikuwa najivunia sana hiyo sehemu. Nilimsomea hata mwenye duka la mkate.)

Sasa nije kwenye ule uamuzi mdogo ulioharibu kila kitu. Njeri aliniambia ninyamaze sekunde mbili kabla ya sentensi ya mwisho, na mimi nikamuuliza kwa nini mbili.

"Ni mbili tu. Ndivyo watu hufanya."

"Nani aliamua?"

"Wanyonyi, bana. Kimya kikizidi, watu wanafikiri umesahau."

Mimi jibu la "ndivyo watu hufanya" siwezi kulimeza, ni ugonjwa nilioupata chuoni. Nikajirekodi nikinyamaza sekunde mbili, tatu, nne, tano, nikasikiliza peke yangu chumbani, nikaamua kwamba tano ina uzito kuliko zote. Ni kweli ilikuwa na uzito. Ila msikilizaji alikuwa mmoja, na alijua kinachokuja.

Jumamosi hiyo ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Shangazi alikaa mbele na kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili, na kando yake mwanawe Simiyu, aliyemaliza chuo cha ufundi mwaka uliopita na alikuwa bado hajapata mahali. Au tuseme alikuwa amepata: Jumatatu hiyo ndiyo angeanza kazi kwa Mzee Khaemba, mwenye karakana ya kuchomelea vyuma pale sokoni, na Mzee Khaemba alikuwa mmoja wa majaji watatu. Nilijua haya yote. Shangazi alinipigia simu kuniambia, akalia kidogo kwa furaha, na mimi hata sikuyaunganisha na maneno yangu, kwa sababu kichwani mwangu yule jamaa wa maombi alikuwa na jina tayari.

Mwanzo ulienda vizuri kuliko mazoezi. Walicheka kwa bodaboda, wakacheka kwa kuku mpaka Shangazi mwenyewe akajifunika uso na kitambaa, na hicho kicheko kikala sekunde ambazo sikuwa nimepanga. Kadi ya njano ikainuka nikiwa ndio kwanza naingia kwenye yale maombi ya ukutani. Mtu mwenye akili angefupisha. Mimi nilihesabu haraka nikaona muda bado unatosha, nikasema hana kazi, hana mke, analala mpaka saa nne, wakacheka, nikasema hata Mungu lazima amemchoka, wakacheka zaidi, nikangoja watulie, wakatulia, nikanyamaza.

Moja. Mbili. Ukumbi wote ulikuwa wangu, hata watoto walinyamaza. Tatu.

"Ooh, masikini, amesahau," sauti ya mama mmoja ikasema. "Mpigieni makofi!"

Kama ulisoma shule ya msingi huku kwetu unajua. Mtoto akisahau shairi siku ya wazazi, watu hawamzomei, wanampigia makofi ya kumtia nguvu, taratibu kwanza kisha kwa nguvu, mpaka akumbuke. Ni tabia nzuri sana. Ukumbi mzima ukaanza: pa, pa, pa. Nikatikisa kichwa kuwaonyesha sijasahau, wao wakaona mtoto anataka kulia, wakaongeza. Ningeweza kuipaza ile sentensi juu ya makofi, lakini nilikuwa nimejifundisha kwamba inahitaji kimya, kwa hiyo nikangoja kimya. Nikainua mkono. Wakapiga vigelegele.

Kadi nyekundu. Kipaza sauti kikafa.

"Ndipo akataja jina, na jina ni langu!" nikapiga kelele, na nadhani mtu wa safu ya kwanza aliona mdomo wangu ukifunguka.

Mshereheshaji alikuwa ameshanishika bega. "Makofi kwake jamani, amejaribu! Sasa huyo mtu wa kulala mpaka saa nne ni nani, eh? Tumwombee pia!"

Kutoka nyuma kijana mmoja akajibu kama aliyeulizwa darasani: "Si ni Simiyu! Ako nyumbani kwa huyo mama!"

Kicheko kilichofuata ndicho kikubwa kuliko vyote vya siku hiyo. Wakageuka kumtafuta. Simiyu alitabasamu ile tabasamu ya mtu aliyekanyagwa kwenye foleni, akaangalia viatu vyake. Shangazi hakucheka. Na Mzee Khaemba, nilimwona kwa macho yangu, alimwangalia Simiyu, akaiangalia karatasi yake, akaandika kitu.

Nikamwomba mshereheshaji sekunde kumi tu. "Muda ni muda, ndugu yangu," akasema, na alikuwa na haki. Nikashuka mpaka kwa Shangazi.

"Ulinisikia nikimwombea mtoto wangu," akasema bila kuniangalia, "ukaona umlete hapa achekwe?"

"Shangazi, si yeye. Ni mimi. Mtu wa maombi ni mimi, huo ndio ulikuwa mwisho."

"Kama ni wewe, si ungesema mwanzo?"

"Haiwezi kusemwa mwanzo, inapoteza nguvu."

Sasa akaniangalia. "Papa," akasema (ndivyo anavyoniita, kama mtu anayemwita baba yake), "hiyo nguvu ilikuwa ya nani? Maana sisi wawili tumekaa hapa bila."

Nikachuchumaa mbele yao.

Simiyu ndiye aliyesema, polepole, "Mzee Khaemba akitoka bila kujua, Jumatatu nitaenda kufanya nini huko?"

Kwa hiyo nikaenda kusimama langoni. Watu walipoanza kutoka nikawaambia mmoja mmoja, wawili wawili, "Yule mtu wa kulala mpaka saa nne ni mimi, si Simiyu." Hakuna kilichokuwa kimetangulia, hakuna kimya, hakuna mgeuko. Nawahakikishia kwamba sentensi ya mwisho bila mwanzo wake haichekeshi hata kidogo. Wengine walisema "Ati?" Mmoja akanipa mkono akasema pole sana kwa kusahau, mwaka ujao nitakumbuka. Yule mama wa makofi akanikumbatia. Vijana wa nyuma wakanifanya nirudie mara tatu, wakinirekodi kwa simu.

Mzee Khaemba alitoka mwisho, pamoja na majaji wenzake.

"Mzee, yule wa kwenye maombi ni mimi. Simiyu huamka saa kumi na moja, muulize mtu yeyote."

Akanitazama kuanzia viatuni. "Kwa hivyo asiye na kazi ni wewe."

"Ni mimi."

"Mbishi ni wewe."

"Mimi, Mzee."

"Na unalala mpaka saa nne."

"Siku zingine saa nne na nusu."

Hapo akacheka, kicheko kirefu cha tumboni, ambacho jukwaani ningekipokea kwa mikono miwili. Kisha akamwita Simiyu, aliyekuwa amesimama na mama yake karibu na mlango, akamwambia aje Jumatatu saa moja asubuhi akiwa na viatu vizito, kwa sababu cheche za kuchomelea hazijui viatu vya raba. Shangazi akashusha pumzi ambayo naamini alikuwa ameishikilia tangu kadi ya njano.

Bado naandika. Njeri anasema ile kazi ilikuwa nzuri na nikate kimya hadi sekunde mbili tu, lakini nimebadilisha zaidi ya hapo. Nimeapa kwamba mtu wangu wa karibu akiwa ndani ya maneno yangu, jambo la kumwondolea aibu nitalisema mapema, kipaza sauti kikiwa bado kinafanya kazi, hata kama kichekesho kitakufa. Aibu yangu mwenyewe inaweza kungoja mwisho, na kama siku moja itakatwa kabla haijafika, sitamlaumu mtu.