Theluji ya Chokaa

Nilifika Singida nikiwa juu ya lori la vitunguu lililotokea Arusha, siku ya tatu ya safari ambayo dereva aliniapia kwamba ingekuwa ya siku moja. Mvua ilitushika mbele ya Babati. Tulilala Katesh chini ya turubali, Mlima Hanang ukiwa umejifunika wingu, na asubuhi tukasukuma lori pamoja na abiria wengine waliojificha kati ya magunia kama mimi. Nilikuwa na mkoba wa nguo na bomba la plastiki lililozibwa kwa matambara pande zote mbili. Ndani ya bomba mlikuwa na picha za eksirei zilizokunjwa pamoja. Askari wa kizuizi kimoja alizitoa, akainua moja juani, akaona tundu lenye umbo la nyota katikati ya mbavu za mtu.

"Hizi ni nini?"

"Stensili, afande."

"Na huyu mwenye mbavu yuko wapi?"

Nilisema sijui, na ulikuwa ukweli. Hospitali zilikuwa zikizitupa, nasi mafundi tulizichukua. Zile za kazi nzuri niliziloweka katika dawa ya kufulia mpaka weusi ukatoka, nikachora, nikakata kwa wembe. Plastiki ya eksirei haivimbi kwa maji kama karatasi ya boksi, na ukiifuta inarudi mpya. Ukikata herufi kama A au O, lazima uache vidaraja vidogo vya kushika kipande cha katikati, la sivyo kinadondoka na unabaki na shimo.

Kazi hiyo nilijifunza Arusha baada ya kumaliza kidato cha nne, kwa fundi aliyepamba madirisha ya mahoteli na maduka ya watalii kila Desemba. Ilikuwa miaka ambayo biashara imefunguliwa. Bidhaa za Dubai zilifika mpaka miji midogo, na wenye maduka waling'oa milango ya mbao wakaweka vioo ili mpita njia aone kilichomo. Nilijiambia kwamba palipo na kioo kipya pana kazi yangu. Sikuwa na sababu nyingine ya kwenda Singida. Enzi hizo sikuhitaji sababu nyingi za kwenda popote.

Kioo kikubwa kuliko vyote nilivyoviona katika mtaa ule kilikuwa cha duka la nguo la mama mmoja mjane. Baba yake alitoka Pangani zamani akaoa Mnyaturu, na nyumba ile aliwaachia watoto wake wawili, yeye na kaka yake. Kaka ndiye aliyesimamia jengo. Mlango wa mbao wa zamani ulikuwa bado umeegemezwa uani. Kwenye baraza alikaa mzee mmoja mshona nguo na cherehani yake. Huyo ndiye aliyenipokea. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza kama nauza mabomba ya maji.

Mama alinisikiliza bila kuacha kukunja vitenge. Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache kabla, na mwaka ule Idi ilitazamiwa kuja siku mbili au tatu tu baada ya Krismasi. Wateja wake wengi walikuwa wakulima Wakristo kutoka vijijini, waliokuja mjini na fedha za alizeti kununua nguo za sikukuu.

"Hiyo rangi inafutika?" aliuliza.

"Inafutika, mama. Maji ya sabuni tu."

"Yote?"

"Yote."

Aliniambia nirudi baada ya alasiri, kaka yake akiwapo. Kaka alikuwa mtu mrefu wa kanzu, mwenye sauti ya chini. Alisema hakatai dada yake kuwauzia watu nguo za sikukuu yao, ila picha ya Krismasi kwenye nyumba ya baba yao, tena katika mwezi wa mfungo, ilimkaa vibaya. Mama alimjibu kwamba itafutwa Krismasi ikipita, na Idi itakuta kioo kama kilivyotoka dukani.

"Ikibaki alama?"

"Haitabaki."

"Ikibaki narudisha mlango wa baba, na kioo ukauze."

"Sawa, kaka. Haitabaki."

Mama alinitazama mimi alipokuwa akisema hivyo. Bila kile kioo duka lilikuwa pango. Wateja wangekwenda kwa jirani ambaye naye alikuwa anajenga dirisha.

Nilichora kwa ndani, kwa sababu nje mvua ingeosha kazi kabla haijakauka. Kuchora kwa ndani ni kufikiri kinyume. Stensili ya maandishi unaigeuza, na kitu cha mbele unakipaka kwanza, cha nyuma kinafuata, maana anayetazama yuko upande wa pili. Nyota kwanza, kisha mti, kisha anga. Rangi ilikuwa ya unga, niliyoikoroga kwa maji na sabuni ya mche iliyoyeyushwa, ili baadaye ikubali kuachia. Sponji ya godoro unaichovya kidogo, unaikamua, unagonga gonga. Ikiwa na maji mengi, rangi inapita chini ya stensili na mti unaota ndevu.

Yule mzee mshonaji aliingia akasoma maandishi yangu ya heri ya Krismasi akiwa ndani ya duka. "Fundi, hiki ni Kinyaturu cha wapi?"

"Toka nje usome, mzee."

Alitoka, akasoma polepole, akarudi kwenye cherehani. "Nje ni Kiswahili," alimwambia mama. "Ndani kuna mambo yake."

Mama alitaka alizeti pembeni mwa mti na kuku wawili. Nilimchorea. Lakini chini nilitaka theluji, mlundo mweupe kutoka kona hadi kona, kama tulivyochora Arusha. Akauliza theluji ya nini. Nikasema bila theluji picha haikamiliki. Aliniacha, pengine kwa uchovu wa saumu. Rangi nyeupe ikaniishia nikiwa nusu ya kioo, na Singida nzima sikupata unga mwingine. Nyumba ya tatu kutoka pale, fundi mwingine alikuwa anapaka kuta chokaa kwa ajili ya Idi. Nikamwomba kopo moja.

Nilipoichanganya na sabuni iliganda kama maziwa yaliyochacha. Hilo peke yake lilitosha kunionya. Niliiponda kwa kijiti, nikaipaka, ikashika vizuri mno. Sikumwambia mama.

Picha ilipendwa. Watu walisimama barabarani. Mzee mmoja aliyekuja kutoka Iguguno kununua sare za kwaya aliiangalia ile theluji akauliza kama ni chumvi ya ziwa Kindai. Mshonaji akamjibu kwamba ni pamba iliyokosa mnunuzi. Mama aliuza mpaka rafu zikaonekana mbao. Kwa majuma matatu jua la asubuhi lilipiga kile kioo kila siku isiyokuwa na mvua.

Siku iliyofuata Krismasi nilianza kufuta mapema. Unalowesha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, unasubiri, unafuta kutoka juu kwenda chini, unabadilisha maji kabla hayajawa tope, mwisho unakausha kwa gazeti. Nyota ilitoka, anga ikatoka, mti, kuku, alizeti. Nusu ya theluji ilitoka pia. Nusu ya pili ilikaa. Nililowesha tena, nikasugua. Kioo kikabaki na ukungu mzito wenye umbo la vilima vyangu. Nikachukua wembe. Chokaa ya ukutani ina mchanga ndani yake, na nilipousukuma wembe nikasikia mlio. Nikatazama. Mistari mitatu, myembamba kama nywele, karibu na kona ya chini.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hiyo ni nini?"

"Chokaa."

"Chokaa imetoka wapi?"

Nikamweleza. Hakupandisha sauti. Aliweka kidole kwenye ule ukungu, akaukwaruza kwa ukucha, akaunusa.

"Kaka anakuja leo baada ya alasiri," alisema. Halafu akasema, kama anayejisemea, "Haya si magamba ya birika haya?"

Maji ya visima vya kule ni magumu. Birika likichemshwa miezi miwili linaota magamba meupe ndani, na kina mama huyatoa kwa ukwaju. Alikwenda uani akarudi na sufuria ya ukwaju ulioloweshwa kwa ajili ya juisi ya futari, na ndimu sita. Tulichovya matambara, tukayabandika juu ya ukungu, tukayaacha. Yakikauka tunayalowesha tena. Mshonaji alitoa mabaki ya vitambaa vyake bila kuombwa.

"Leo mtafuturu maji matupu," alisema.

"Tutafuturu," mama alijibu.

Kufikia adhuhuri chokaa ilianza kulegea. Mara ya tatu ilitoka kwa vidole, kama utando wa uji. Tuliosha kwa maji safi, tukakausha. Kioo kilikuwa kitupu, na barabara ilionekana hadi ng'ambo. Mistari mitatu ilibaki. Mikwaruzo haisikii ukwaju.

Nilimwambia kwamba haionekani mpaka uisogelee, na kwamba naweza kuchora mwezi wa Idi pale pale juu yake. Akasema hapana. Hakutaka tena kitu chochote juu ya kile kioo.

Kaka alikuja na mkongojo mkononi, ambao kwa kutembea alikuwa hauhitaji. Alisimama nje kwanza, kisha akaingia akasimama kwa ndani. Mama alimwamkia. Kaka akapitisha kiganja juu ya kioo.

"Umefuta."

"Nimefuta. Lakini alama ipo, kaka. Pale chini."

Nilimtazama. Mshonaji aliacha kukanyaga cherehani. Kaka aliinama, hakuona. Mama akamwonyesha kwa kidole. Akachuchumaa, akageuza kichwa huku na huku mpaka mwanga ulipoangukia mahali pake.

"Hivi vinyuzi?"

"Hivyo."

Magoti yake yalimsumbua kuinuka, mama akamshika mkono.

"Ningeondoka bila kuviona," alisema.

"Najua."

Alipanguza kanzu magotini. Akauliza kama kuna ndimu iliyobaki, maana kwake zilikuwa zimekwisha. Mama akampa mbili. Alipofika kwenye ngazi ya baraza alisema ule mlango wa uani unaliwa na mchwa, na kwamba baada ya Idi dada yake amtafute seremala autengeneze vitanda.

Mama alisubiri mpaka akaondoka. Kisha akaniambia nikusanye vitu vyangu.

"Kioo kimepona, mama," nilisema.

"Kimepona. Mimi nilimpa kaka neno langu nikitegemea neno lako. Ungeniambia siku ile ile, ningeifuta ikiwa bado mbichi."

Alinipa mkono, akanitakia safari njema, akarudi kwenye vitenge vyake. Mshonaji alinisindikiza kwa macho, hakutania.

Mwezi ulionekana jioni ile. Asubuhi watu wakiwa wanatoka kuswali, nilipanda basi la kuelekea Nzega. Lilipita mbele ya duka. Lilikuwa limefungwa kwa sikukuu, na mapambo hayakuwapo. Kioo kilionyesha magauni ya watoto kwa ndani, na kwa nje watu waliovaa nguo mpya, wakijitazama humo wanapopita.

Sikurudi tena Singida.