Ukurasa Mmoja wa Injinia Theuri

Injinia Theuri amesanifu nusu ya majengo yanayoonekana kutoka dirisha la ofisi yake mjini Karatina, juu ya duka la pembejeo. Watu humsifu kwa kusema machache. Mteja akimuuliza kama jengo litasimama, yeye hujibu, "Litasimama," na kurudi kwenye kalamu yake ya risasi.

Hesabu zake ni kitu kingine. Jengo la Mzee Ngatia, fremu ya zege lenye vyuma, maduka chini na orofa tatu juu, lilikuwa na kurasa sitini na moja. Fahari yake ilikuwa ukurasa wa thelathini na nne: boriti ya mita saba juu ya mlango wa magari, imepigiwa hesabu kwa njia mbili, na majibu yakakubaliana. Aliuonyesha kila mgeni, hata aliyekuja kuuza kalenda.

Ijumaa moja, Masinde, injinia wa kaunti anayepitisha michoro, aliurudisha mzigo wote na karatasi ndogo juu yake: "Naomba taarifa ya misingi ya usanifu. Ukurasa mmoja."

"Ati ukurasa mmoja!" Theuri aliniambia. "Hesabu zinajieleza. Huyu hajui kusoma?"

Lakini uchimbaji wa msingi ulikuwa uanze Jumatatu ya pili, na bila muhuri wa kaunti usingeanza. Akanipa kazi hiyo mimi, injinia mhitimu aliyeniajiri miezi minne iliyopita. Niliandika kurasa tisa. Nilianza na haja ya binadamu kupata makazi tangu zama za kale. Theuri alizisoma zote kwa adabu, kisha akapiga mstari mmoja kutoka kona hadi kona.

"Wendy, mtu wa kaunti anataka kujua tulidhani nini kabla ya kupiga hesabu. Si tulipiga vipi. Leta karatasi nyeupe."

Tulikaa pamoja. Akasema, nikaandika. Kanuni zilizofuatwa: Eurocode, zile za Ulaya. Zege: daraja la nguvu la ishirini na tano kwa thelathini. Vyuma: daraja la nguvu la mia tano. Udongo: unabeba kilonyutoni mia mbili kwa mita ya mraba, kwa mujibu wa ripoti ya vipimo. Upepo: unazuiwa na fremu zenyewe pande zote mbili. Mistari ilishuka upesi, na uso wa Theuri ukaanza kufurahia ufupi wake mwenyewe.

"Matumizi ya orofa ya kwanza?" nikauliza.

"Vyumba vya kuishi. Kilonyutoni mbili kwa mita ya mraba. Iko ukurasa wa kumi na mbili."

"Nani alisema ni vyumba?"

Kalamu ikasimama. Kwa miaka thelathini, kila jengo la mji huu lilikuwa maduka chini na vyumba juu. Hakuna aliyemwambia. Hakuuliza pia. Akachukua simu na kuweka sauti juu.

"Mzee Ngatia, ile floor ya kwanza ni ya watu kulala, si ndiyo?"

"Watu? Ai, hapana, Injinia! Hapo ni viazi yangu ya Endarasha. Magunia mia nne hivi. Juu ya hiyo ndio watu."

"Utapanga magunia mangapi kwenda juu?"

"Tano tu. Mimi si mtu wa tamaa."

Theuri aliikata simu polepole. Magunia ya kilo hamsini, matano kwa kimo: nilipiga hesabu pembeni ya karatasi, nikapata takriban kilonyutoni tano na nusu kwa mita ya mraba. Karibu mara tatu ya zile tulizodhania. Kurasa sitini na moja zilikuwa sahihi kabisa, ila kwa jengo ambalo hakuna mtu aliyekuwa analijenga.

Ni jina la Theuri ambalo lingekuwa chini ya mchoro ule. Kisha akampigia Ngatia tena.

"Chagua, Mzee. Nianze upya boriti na nguzo, na vyuma viongezeke. Ama viazi vikae chini, nyuma ya maduka. Hapo sakafu imelala juu ya udongo, haibebwi na fremu."

"Chini kuna baridi nzuri," Ngatia akasema. "Lakini ungeniuliza mapema, Injinia. Ningekwambia bure."

Tukaandika mstari wa mwisho: *Orofa za juu ni za makazi pekee, hakuna ghala juu ya sakafu ya chini.* Nikapendekeza Ngatia atie sahihi kando yake. Alitia.

Jumatano Masinde alisoma ukurasa ule akiwa amesimama. Alifungua hesabu mahali pamoja tu, ukurasa wa kumi na mbili, kuona kama mbili ya taarifa ndiyo mbili ya hesabu. Akagonga muhuri.

"Na wa thelathini na nne?" Theuri akauliza.

"Una nini?"

"Boriti."

"Itasimama?"

"Itasimama," akasema Theuri, kwa uchungu.