Mfereji Chini ya Sili

Khisa hakuwa mtu wa maneno. Hata kwao, upande wa Bungoma, mama yake alikuwa akisema huyu mtoto akiungua atatafuta maji mwenyewe kabla hajamwambia mtu. Aliishia darasa la nane, akaja Thika kuvuna mananasi, kisha akaingia karakana moja ya alumini kusukuma toroli. Wengine walipokuwa wakipiga gumzo, yeye alitazama mikono ya mafundi. Baada ya miaka michache alikuwa anatengeneza fremu na kuzifunga mwenyewe, na nywele zilipoanza kuota mvi, watu wa Ruiru waliokuwa wakijenga walimjua kama Khisa wa madirisha.

Kazi yake aliipenda kwa namna ambayo hangeweza kuieleza. Ukimwonyesha tundu la dirisha kwenye ukuta wa bloku, kwanza anapima pembe kwa pembe aone kama liko mraba. Anaacha nafasi ndogo kuzunguka fremu, anaishikilia kwa vipande vya mbao mpaka pima maji ikubali, ndipo anatoboa na kufunga skrubu. Ile nafasi hujazwa, na kwa nje kabisa, plasta ikishakauka, hupigwa silikoni, ile gundi laini ya kuzuia maji. Lakini kilichomkaa moyoni zaidi ni sili, ile zege inayolala chini ya dirisha. Zake alizimimina mwenyewe kwenye boksi la mbao, zikiwa na mteremko kuelekea nje na mdomo unaotokeza mbele ya ukuta. Upande wa chini wa huo mdomo alilaza chuma chembamba kilichopakwa grisi, na akikitoa baadaye kinabaki kimfereji. Maji yanayoteremka kwenye sili yanafika ukingoni, yanataka kurudi nyuma kwa chini yafuate ukuta, yanakuta mfereji, yanashindwa kuuvuka, yanadondoka. Pasipo huo mfereji yanatambaa mpaka kwenye ukuta, yanaingia kwenye ungio, na bloku zikiwa na uwazi ndani, hujui yatatokea wapi.

Kwa miaka mingi alifanya kazi pamoja na Gachanja, fundi wa plasta, mtu wa hapo hapo Ruiru. Walikuwa kama sufuria na mfuniko. Gachanja alikuwa na mdomo wa watu wawili, akiongea na mwenye nyumba, akitania, akipatana bei, na Khisa akipimapima nyuma. Binti ya Khisa, Becky, alipobatizwa, Gachanja ndiye aliyesimama kama baba wa ubatizo. Na kati ya mafundi wa pale kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeivunja: kosa la mwenzako humwambii mwenye nyumba. Unamwambia mwenzako pembeni. Anayeropoka mbele ya mteja hapati mtu wa kumwita tena.

Ndivyo walivyofika kwa Mama Njau, huko Mugutha. Jina lake ni Ngendo, mwalimu, mjane, naye alikuwa amehamia kwenye nyumba yake ikiwa bloku tupu, kama wafanyavyo wengi, na sasa, baada ya kukaa ndani kwa muda, alitaka madirisha ya kudumu na plasta ya nje. Aliishi na mama yake mzee, ambaye chumba chake kilikuwa upande ule mvua inakopiga. Na Mama Njau alikuwa na kiwanja Kahawa Wendani, anataka kujenga hosteli ya wanafunzi, ghorofa kadhaa, madirisha mengi. Alishawaambia wazi kwamba anawatazama hapa, na wakimfurahisha hapa, ile ni yao. Khisa alirudi nyumbani siku hiyo akamwambia mkewe, Nafuna, maneno mengi kuliko kawaida yake. Kazi ya miaka, alisema. Ataacha kukimbizana na vibarua, na atafungua karakana yake mwenyewe.

Alifunga madirisha ya Mama Njau kama anayefunga ya kwake. Kisha Gachanja akaanza plasta, na hapo ndipo ukuta ulipotoa siri yake. Aliyeupanga alikuwa ameuachia tumbo. Ili unyooke, Gachanja alilazimika kurundika plasta nene upande wa chumba cha yule bibi mzee, na ile plasta ikapanda mpaka ikakaribia kuumeza mdomo wa sili. Maggie, dada yake Mama Njau anayekaa Membley, alikuja siku hiyo kutembea. Akainama, akachungulia chini ya dirisha, akauliza huu ufa ni wa nini kwenye nyumba mpya.

Gachanja alicheka. “Huo hata hutauona tena, madam,” alisema, akachota plasta kwa ncha ya mwiko, akaujaza mfereji, akausawazisha ukawa laini kama shavu la mtoto. Akahamia dirisha la pili.

Khisa alikuwa hatua chache tu, ameshika silikoni. Aliona yote. Moyo ulimpiga kama wa mtu aliyeona mtoto akivuka barabara. Lakini mwenye nyumba alikuwa pale, na dada yake, na desturi ilikuwa pale pia. Akasubiri. Mama Njau na dada yake walipoingia ndani kunywa chai, akamfuata Gachanja na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba ule si ufa, maji yatarudi ukutani.

“Sasa wewe, Baba Becky, unataka nitoboe mbele ya macho yao, waseme sijui kazi?” Gachanja alimjibu, bila kuacha kusugua. “Huo mdomo bado unatokeza. Maji yataruka tu. Tafadhali, wachana na plasta yangu, na mimi nitawachana na vioo vyako.”

Khisa akawachana nayo. Alijiambia kwamba labda mdomo utatosha. Hakuamini, lakini alijiambia.

Mvua ndefu zilipokuja zilikuja na upepo. Chumba cha bibi kilianza kwa doa chini ya dirisha, kisha rangi ikafura na kumenyeka, kisha kitanda kikalazimika kuvutwa katikati. Mama Njau aliwaita wote wawili. Bibi alikuwa ameketi sebuleni amejifunika shuka, anakohoa, na hilo lilimuuma Khisa kuliko doa lenyewe.

Khisa alitoka nje, akapitisha kidole chini ya sili. Laini. Akamtazama Gachanja. Alikuwa na hakika mwenzake atasema, kwa sababu hapo palibaki neno moja tu la kusema, na lilikuwa la Gachanja.

Gachanja alisafisha koo. “Mama Njau, mimi ni wa plasta. Ukuta wangu haujapasuka, angalia mwenyewe. Maji yanaingia kwa dirisha. Hizi alumini za kuteleza ndivyo zilivyo.”

Hakumtazama Khisa aliposema hivyo. Mama Njau ndiye aliyemtazama, akingoja. Khisa alifungua mdomo, akaona uso wa rafiki yake umegeukia ukuta. Alichosema ni kwamba ataangalia. Kwa mtu asiyemjua, hayo yalikuwa maneno ya mwenye kosa.

Kabla hata hajarudi kuangalia, Gachanja alinunua silikoni yake, akaipiga kila mahali, fremu nzima, mpaka vile vitundu vidogo vya mbele vinavyotoa maji kwenye reli ya dirisha akaviziba. Mvua iliyofuata, reli ilijaa kama hori la ng'ombe na maji yakamwagikia ndani. Bibi akapelekwa kwa Maggie, Membley, na Mama Njau akampigia Khisa kumwambia asihangaike tena.

Nafuna ndiye aliyemsukuma aende. Alimwambia kunyamaza huku si heshima, ni kujichimbia kaburi. Khisa akavaa shati la kanisani, akaenda, akasimama langoni, na kwa mara ya kwanza maishani akamtaja fundi mwenzake kwa mwenye nyumba. Alieleza mfereji, plasta, vitundu. Alieleza vizuri, taratibu, kama aliyekuwa amejizoeza njia nzima, na kweli alikuwa amejizoeza.

Mama Njau alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

“Na siku anaziba, wewe ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa hapo, Mama.”

“Ukaona?”

“Niliona.”

“Ukanyamaza, mama yangu akalala kwenye maji. Sasa umekosa kazi ya Wendani ndiyo umekumbuka.” Alishika lango. “Khisa, hata kama ni kweli, nitakuamini vipi?”

Khisa aligeuka, akashika njia. Alirudi akamwambia Nafuna hakumkuta.

Wiki mbili tatu zikapita, ndipo Gachanja akamjia nyumbani, Jumapili asubuhi, uso umemshuka. Alikiri yote pale mlangoni, bila utani hata mmoja. Alisema alijua tangu siku ile ya kwanza, ila alipata woga, ana watoto shuleni, na Wendani ilikuwa inamponyoka. Mama Njau yuko kanisani, akitoka huko ataenda Membley kumwona bibi, nyumba haina mtu, na yeye Gachanja bado ana ufunguo wa geti aliopewa wakati wa plasta. Wakirekebisha leo, ukuta utakauka na bibi atarudi. “Nitamwambia ukweli mwenyewe,” alisema. “Nipe tu nafasi nimwambie kazi ikiwa imekwisha.”

Khisa alikwenda. Si kwa ajili ya Gachanja, au angalau ndivyo alivyomwambia Nafuna. Alikwenda kwa sababu kila mvua iliponyesha alilala akilifikiria lile dirisha. Walikata plasta chini ya sili kwa grainda, wakaichonga irudi nyuma mpaka mdomo ukatokeza tena. Khisa akalala chali kwenye tope na kukwangua mfereji kwa patasi, kipande kwa kipande, vumbi likimwingia machoni. Akafungua vitundu vya reli. Akang'oa silikoni yote ya Gachanja, akapiga mpya mahali panapostahili tu. Mwishowe akamwaga ndoo ya maji juu ya kioo, wakachutama wote wawili kutazama. Matone yalifika kwenye mfereji, yakajipanga, yakadondoka moja moja mbali na ukuta. Gachanja alimshika bega. Kwa muda huo mfupi Khisa alisahau kila kitu.

Mvua ikaja, chumba kikabaki kikavu. Bibi akarudi. Na Jumapili moja kanisani, wanakosali wote, baada ya ibada, Khisa akamsikia Mama Njau akiwaambia wenzake: Gachanja ni mtu wa kweli, alikuja siku yake ya mapumziko, bila kuitwa, akarekebisha yale madirisha mabovu ya Khisa. Gachanja alikuwa amesimama karibu naye, kofia mkononi. Alimwona Khisa. Akatazama kofia yake.

Khisa alifikiria kuwaendea. Aliwaza atakachosema, na kila alichokiwaza kilikuwa na jibu lililokwisha kutolewa langoni. Akamshika Nafuna mkono wakaondoka.

Hosteli ya Wendani inajengwa sasa. Plasta ni ya Gachanja, madirisha ni ya kijana mmoja anayeitwa Kaleli. Khisa amerudi karakana ya Thika, anakata fremu za wengine kufunga. Hakuna anayemwita Ruiru. Wenye nyumba wamesikia anavujisha, na mafundi wamesikia anawasema wenzake.

Juzi simu yake ililia akiwa kwenye mashine. Ilikuwa Gachanja, nyuma yake kelele za mjengo. Alisalimu haraka, akasema ukuta wa huku nao una tumbo, plasta itakuwa nene, na Kaleli hajui sili itokeze kiasi gani ili mfereji usimezwe.

Khisa alizima mashine. Alimwambia apime kutoka uso wa plasta iliyomalizika, si kutoka kwenye bloku, aache vidole vitatu, na mfereji ukae katikati ya hivyo vidole. Akamwambia amwonye Kaleli apake chuma grisi, la sivyo kitavunja ukingo kikitolewa. Gachanja akasema asante, ndugu yangu, kisha akaanza kuuliza Becky anaendeleaje.

Khisa akakata simu, akawasha mashine.