Ampuli Nne

Mwaka nilioingia kazini kwenye stoo ya dawa ya hospitali, huku Pemba, ilikuwa msimu wa karafuu. Harufu ya karafuu zilizoanikwa ng'ambo ya barabara ilipenya madirishani, ikachanganyika na ya spiriti na maboksi mapya. Baada ya adhuhuri feni ilizunguka polepole, na mimi nikipita baina ya rafu nilihisi kama natembea usingizini.

Vitu vilikuwa zaidi ya mia nne. Bibi aliyenitangulia, mtunza stoo aliyekaribia kustaafu, aliviagiza kwa kuvitazama tu. Husimama mbele ya rafu, mkono kiunoni, akasema, "Hiki kinaomba mwenzake."

Mimi nilikuja na kompyuta na kanuni. Kila kitu nilikiwekea viwango viwili. Cha chini kilikuwa matumizi ya muda wa kusubiri mzigo kutoka Unguja, pamoja na akiba ya kuchelewa. Kitu kikigusa hapo, tunaagiza, tena kiasi cha kukifikisha kiwango cha juu tu, baada ya kutoa kilichomo njiani. Glavu zilitoka maboksi ishirini kwa wiki. Mzigo huchukua wiki tatu, na bahari ikichafuka hufika sita. Basi chini mia na ishirini, na juu mia mbili, yaani kuongeza matumizi ya wiki nne.

Nilipenda kuziona namba zikijipanga. Siku nyingine nilizitazama mpaka macho yakalegea, mvua ikinyesha juu ya bati, nikaona stoo nzima ikipanda na kushuka yenyewe, hapana mtu wa kuisukuma.

Kwa sindano ya magineziamu, ile ya kinamama wenye kifafa cha mimba, kompyuta ilisema: mwaka mzima zimetoka ampuli ishirini na nne, vile vichupa vya dawa ya sindano, yaani mbili kwa mwezi. Chini tatu, juu tano.

Bibi aliichungulia karatasi. "Mwanangu, hii mie huweka rafu nzima."

"Lakini haitoki, Bibi. Itaisha muda bure."

Bibi akaenda kutia udhu.

Asubuhi moja, miezi kadhaa baadaye, mkunga alikuja mbio, hata salamu hakumaliza. Wodini, akasema, mna mama wawili wa kifafa cha mimba, mmoja keshapata degedege, na ampuli zilizokuwako huko zimekwisha.

"Nipe magineziamu. Zote."

Rafuni mlikuwa na ampuli nne. Kwa kanuni yangu, zilikuwa za kutosha.

Mkunga alizihesabu mkononi. "Mgonjwa mmoja humaliza kumi mpaka kesho," akasema, kisha akakimbia nazo.

Nne zilitosha kuwaanzishia dawa tu. Gari likaenda hospitali ya kaskazini kuazima nyingine. Nilibaki mlangoni, jua likiwaka, sauti za watu zikinifikia kama kutoka chini ya maji. Bibi aliketi kando yangu akivuta tasbihi. Gari liliporudi na boksi, mkunga alilipokea uani. Jioni akapita, amechoka, akasema, "Alhamdulillahi, wote wawili wazima." Hapo ndipo nilipolia.

Kesho yake nilimwomba Bibi tupitie pamoja kadi zote za stoo, zinazoonyesha kila kitu kilitoka lini.

"Hizi ishirini na nne za magineziamu," nikamuuliza, "zilitokaje?"

Akaonyesha kwa kidole. Zilitoka mara tatu tu. Miezi mingine yote ilikuwa mitupu. "Hazitoki mbili mbili," akasema. "Haumwi nusu mtu."

Basi kwa dawa kama zile tuliacha wastani, tukauliza: wakija wagonjwa watatu kabla ya mzigo kufika, watahitaji ngapi? Tukaandika chini thelathini, juu arobaini. Tukatazama na tarehe za kuisha muda, zilituruhusu.

Ilituchukua wiki nyingi. Kwenye dawa ya maji ya homa ya watoto alinikamata tena. Nilikuwa nimegawa matumizi kwa miezi kumi na miwili, ilhali miezi miwili rafu ilikuwa tupu.

"Miezi ile watoto hawakuacha kuumwa homa, mwanangu. Sisi ndio tulikuwa hatuna."

Nikagawa kwa kumi, kiwango kikapanda. Na bendeji pana, zilizojazana tangu zamani, tulizishushia kiwango.

Siku hizo nazikumbuka kwa ukungu mtamu: kadi za manjano mezani, chai ya tangawizi ikipoa, yeye akisimulia kila kitu kilitoka lini na kwa nani, mimi nikiandika. Tangu alipostaafu, kila robo mwaka nimekuwa nikivipitia viwango upya, maana wodi hubadilika. Mimi huanza na dawa ambayo mtu hawezi kuisubiri. Glavu huja baadaye.