Barua Fupi ya Mama Pétronille

Katika biro, yaani ofisi, ya wavuvi hapa Kalemie, barua za Kiingereza anaandika Mama Pétronille, na siku hizi hakuna anayethubutu kumfundisha. Alijifunza kwa kosa moja.

Papa Kizito, prezida wa wavuvi, aliomba friji ya samaki kwa shirika moja la Uingereza. Yeye alisema, Pétronille akatafsiri neno kwa neno: Mama Helen, umeamkaje, watu wa nyumbani hawajambo, watoto je, pole na kazi, sisi watoto wako ni wazima. Ombi likaja mwisho kabisa. Helen Whitcombe wa shirika hilo, ambaye alikuwa hajawahi kuwaona, akajibu: "Tunafahamiana? Na kwa nini mnanihurumia kwa kazi yangu?"

Pétronille akaandika upya: "Mpendwa Bi. Whitcombe, natumaini u mzima. Tunaomba friji moja ya samaki. Asante kwa muda wako."

Papa Kizito akanuna. "Umemunyima salamu. Ataona hatukulelewa."

"Papa, zote zimo. Akisoma 'natumaini u mzima', umekwisha kuuliza nyumba yake yote. Pole yako njo ile asante ya mwisho. Kwa barua, heshima ya Waingereza ni kutokumuchelewesha mutu."

Friji ilikubaliwa, na Helen akaja nayo mwenyewe. Pale bandarini Papa Kizito alimshika mkono, akauliza habari za mume, watoto, wazazi, hata majirani. Helen akajibu moja moja, akicheka.

Siku hiyo Pétronille alitafsiri yote, bila kupunguza hata neno.